Kumrekodi Bibi Akisimulia Maisha Yake, na Kuihariri Video Bila Kumpotezea Sauti Yake: Mwongozo Kamili kwa Mjukuu Anayeanza

Wanaoanza kazi hii hukwama mahali pawili. Wengine hurekodi saa nyingi, zikabaki kwenye simu bila mtu wa kuzitazama. Wengine huhariri, lakini hukata kila pumzi na kila ukimya, na bibi waliyemjua miaka yote anageuka msomaji wa taarifa ya habari.

Mwongozo huu unamfuata bibi mmoja na mjukuu wake katika kisa kimoja tu: jinsi bibi alivyopata cherehani na jinsi alivyoacha kushona. Rekodi ilikuwa ya dakika tisa, na baada ya kuhaririwa zikabaki karibu nne. Ukiweza kisa kimoja namna hii, vingine vinafuata njia ileile. Programu iliyotumika ni Shotcut, ambayo ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ukitumia nyingine, majina ya vitufe yatabadilika lakini kazi ni ileile.

## Utakavyohitaji

- Simu inayorekodi kwa ubora wa 1080p. Dakika moja hula takribani MB 60 hadi 130 kutegemea simu na mpangilio wake, kwa hiyo acha nafasi ya GB 10 kabla ya kuanza.
- Stendi ya miguu mitatu, au kitu kizito kitakachoishika simu isitikisike.
- Maikrofoni ndogo ya kubana nguoni. Kama una uwezo wa kununua kitu kimoja tu, nunua hiki. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo. Sauti ya mbali yenye mwangwi humfanya azime.
- Hedifoni.
- Kompyuta yenye Shotcut.
- Diski mbili za nje, au diski moja na flashi moja.
- Daftari na kalamu. Usiviache, nusu ya uhariri hufanyika hapo.

## Hatua ya 1: Kubalianeni, lakini usimwache asimulie mapema

Kaa na bibi siku moja kabla. Mwulize angependa kuzungumzia nini, nani ataiona video, na nini hataki kitoke. Mwambie wazi kwamba akisema jambo halafu akajuta, anaweza kusema "hilo lisitoke" na litaondolewa. Ahadi hiyo humlegeza mtu kuliko kumwambia ajisikie huru.

Akianza kukisimulia kisa chenyewe, mzuie kwa adabu: "Bibi, hicho tukiwekee kesho." Msimulio wa kwanza ndio wenye moto. Akikusimulia leo, kesho mbele ya kamera atafupisha na kusema "kama nilivyokwambia jana", na mtazamaji hakuwepo jana.

Utajua umefaulu ukiwa na orodha fupi ya visa vitatu au vinne kwa jina tu, bila undani wake.

## Hatua ya 2: Andaa chumba kwa masikio kwanza

Ingia chumbani, funga mlango, nyamaza kwa dakika moja. Utasikia feni, friji, saa ya ukutani, kiti kinacholia. Zima au ondoa kila unachoweza. Sauti ya nyuma isiyobadilika hupunguzika kidogo kwa programu. Mlio wa kiti katikati ya neno hauondoki bila kuondoka na neno lenyewe.

Mkalishe bibi kwenye kiti kisichobembea wala kuzunguka, dirisha likiwa mbele yake kwa upande. Dirisha likiwa nyuma yake, uso utakuwa kivuli. Simu iwe imelala kwa upana, kwenye usawa wa macho yake, na wewe ukae kandokando ya simu ili akutazame wewe. Wazee wengi wakiambiwa wautazame mtambo hukakamaa.

Futa lenzi kwa kitambaa laini. Washa hali ya ndege, kwa sababu simu ikipigwa rekodi inaweza kukatika bila wewe kujua. Kisha bonyeza uso wake kwenye skrini na ushikilie kidole hapo mpaka simu ifunge fokasi na mwanga. La sivyo picha itakuwa inang'aa na kufifia kila anaposogea.

Maikrofoni ibanwe kama shibiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu na pindo la mtandio. Vitu hivyo vikiigusa hutoa mkwaruzo unaofanana na karatasi inayokunjwa.

Utajua umefaulu ukirekodi dakika moja ya majaribio, ukaisikiliza kwa hedifoni, na ukasikia pumzi zake bila mkwaruzo. Usiruke jaribio hili hata kama bibi ameshachoka kusubiri. Mpe maji anywe, kisha sikiliza.

## Hatua ya 3: Rekodi ukijua utakuja kukata

Anza faili jipya kwa kila kisa. Faili moja la saa nzima ni gumu kulitafuta na likiharibika limeharibika lote. Dakika thelathini au arobaini za mazungumzo kwa siku zinamtosha mzee. Baada ya hapo majibu hufupika na sauti hukauka.

Uliza juu ya mahali na vitu. Mjukuu wetu hakuuliza "Ulijisikiaje ulipopata cherehani?" Aliuliza, "Bibi, cherehani ile iliwekwa wapi ndani ya nyumba?" Bibi akanyoosha mkono kuonyesha pembe ya chumba kisichokuwepo tena, na kutoka hapo akaendelea mwenyewe.

Akizungumza, itikia kwa kichwa tu. Hili ni gumu, kwa sababu tumelelewa kumwitikia mzee kwa sauti: eeh, naam, ehe. Lakini kila "ehe" yako inayopanda juu ya neno lake imegandana nalo milele. Mweleze kabla: "Bibi, nitanyamaza ili sauti yako isikike, usidhani sisikilizi."

Akimaliza sentensi, usikimbilie swali la pili. Hesabu polepole mpaka tano. Mara nyingi kuna sentensi nyingine nyuma ya ukimya, na ndiyo utakayoitafuta wakati wa kuhariri.

Mwisho, kabla hajainuka, mwombe mkae kimya wote kwa dakika moja huku simu ikirekodi. Huu ni ukimya wa chumba, na kila chumba kina wake. Utauhitaji kwenye hatua ya 7, na hauwezi kupatikana siku nyingine kwa sababu mlio wa chumba hubadilika.

## Hatua ya 4: Nakili kabla ya kugusa chochote

Hamisha mafaili kwa waya kwenda kwenye kompyuta. Usijitumie kwa WhatsApp kama video ya kawaida, maana itabanwa na ubora utapotea. Yape majina yanayoeleweka:

```
bibi_01_cherehani.mp4
bibi_01_ukimya.mp4
```

Nakili folda nzima kwenye diski ya nje, fungua mafaili kutoka kwenye diski hiyo uone kama yanacheza, ndipo ufute kwenye simu.

Onyo ambalo limewaliza wengi: faili la mradi la Shotcut, lenye mwisho wa `.mlt`, halina video ndani yake. Lina maelekezo tu ya wapi pa kukata. Ukifuta au kuhamisha video halisi, mradi utafunguka ukiwa hauna picha. Weka video na mradi kwenye folda moja na usiibadilishe jina katikati ya kazi.

Ukifungua video ya simu, Shotcut inaweza kukuuliza kama unataka kuigeuza iwe rahisi kuhariri. Kubali. Simu nyingi hurekodi picha kwa kasi inayopanda na kushuka, na usipoigeuza, midomo ya bibi na sauti yake vinaweza kuachana kadiri video inavyosonga.

## Hatua ya 5: Hariri kwenye daftari kwanza

Tazama rekodi yote bila kukata kitu, ukiandika muda na kilichosemwa. Daftari la mjukuu lilikuwa hivi:

- 00:20 hadi 01:35. Cherehani inaletwa usiku, imefunikwa gunia. NZURI.
- 01:35 hadi 01:50. Anakohoa, anakunywa maji.
- 01:50 hadi 04:40. Habari za dada yake aliyeolewa mbali.
- 04:40 hadi 06:10. Anajifunza kwa kufumua nguo kuukuu na kuzishona upya. NZURI.
- 06:10 hadi 06:50. Anarudia kuja kwa cherehani. Sasa anasema ilikuja asubuhi.
- 06:50 hadi 07:20. Ukimya mrefu, kisha: "Mguu ndio ulioniambia niache, si mkono."
- 07:20 hadi 09:00. Mtu aliyemdhulumu fedha ya nguo. Anamtaja jina. "Hilo lisitoke."

Mambo mawili hapa yanastahili kuangaliwa kwa utulivu.

La kwanza ni dada. Mjukuu aliandika pembeni "KATA YOTE", kwa kuona kwamba bibi ametoka nje ya njia. Aliposikiliza mara ya pili akagundua kwamba kuanzia 04:05 bibi anaeleza ni dada huyohuyo aliyemfundisha kutia uzi kwenye sindano ya mashine. Bibi hakuwa amepotea; alikuwa anazunguka kuleta mtu aliyehitajika kwenye kisa. Kwa hiyo sikiliza mchepuko mpaka mwisho kabla ya kuukata. Wazee husimulia kwa kuanzia mbali, na mlango wa kurudia mara nyingi uko kwenye sekunde thelathini za mwisho.

La pili ni usiku na asubuhi. Usiamue wewe ipi ni kweli, na usimsahihishe kwa kumwonyesha kwamba amejikanganya. Mwulize kwa upole kwenye kikao kinachofuata. Bibi huyu alijibu kwamba ilifika usiku, lakini yeye aliifunua asubuhi, kwa hiyo kauli zote mbili zilikuwa sahihi. Mjukuu akabaki na ile ya kwanza kwa sababu ilikuwa na gunia.

Utajua umefaulu ukiweza kusoma vipande vilivyochaguliwa kwa mfuatano kwenye daftari, na kisa kikaeleweka bila kuangalia video.

## Hatua ya 6: Kata kwa kufuata pumzi

Buruta video uiweke kwenye mstari wa wakati chini ya skrini. Utaona sauti imechorwa kama vilima: maneno ni vilima virefu, ukimya ni bonde, na mbele kidogo ya neno la kwanza la sentensi kuna kichuguu kidogo. Hicho kichuguu ni pumzi anayovuta kabla ya kusema.

Kazi yote iko hapo. Kila sentensi ya bibi huanza na pumzi yake na huisha pale mlio wa neno la mwisho unapozama kabisa. Ukikata katikati ya pumzi, msikilizaji husikia kama mtu amezibwa mdomo ghafla. Ukiitupa pumzi na kuanza na neno tupu, bibi anaonekana kama mashine.

Fanya hivi, kwa mfano kuondoa kikohozi cha 01:35:

1. Peleka kielekezi pale sentensi ya gunia inapoisha na mlio wake kuzama. Bonyeza `S` kukata.
2. Nenda mbele mpaka kipande kinachofuata unachokitaka. Simama kabla tu ya kichuguu cha pumzi. Bonyeza `S` tena.
3. Bofya kipande cha katikati, bonyeza `X`. Kitaondoka na vipande vya kulia vitasogea kuziba nafasi.
4. Rudi sekunde tano nyuma, fumba macho, sikiliza. Usitazame, kwa sababu picha inaruka na itakudanganya kwamba sauti ndiyo mbaya.

Sikiliza pia mteremko wa sauti. Mtu akimaliza wazo, sauti yake hushuka. Ukikata mahali ambapo bado iko juu, msikilizaji atahisi kuna neno limefichwa, na kweli lipo.

Sasa ukimya. Kabla ya sentensi ya mguu bibi alinyamaza kwa sekunde sita. Kwenye jaribio la kwanza mjukuu alizikata zote, pamoja na kila kituo kilichozidi sekunde moja, akaona video imechangamka. Alipomwonyesha bibi, bibi akauliza, "Huyo anakimbizwa na nani?" Mjukuu akazirudisha kwa `Ctrl+Z` na kwa kuvuta kingo za vipande, kwa kuwa Shotcut haifuti kitu kwenye video halisi.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: ukimya wa kutafuta jina au tarehe unaweza kufupishwa ubaki sekunde moja au mbili. Ukimya ambao baada yake kunakuja jambo zito, uache ulivyo. Utautofautisha kwa macho yake. Anayetafuta jina macho hutangatanga; anayekumbuka hutulia.

Onyo la mwisho hapa ni la haki. Unaweza kupanga upya vipande vya kisa, lakini usiunganishe nusu ya sentensi hii na nusu ya ile, wala usichukue "ndiyo" ya swali moja ukaiweka chini ya swali jingine. Kitaalamu ni rahisi sana, na matokeo yake ni maneno ambayo bibi hakuyasema.

## Hatua ya 7: Ziba viungo

Ukikata, mambo mawili hujitokeza kwenye kiungo: kichwa cha bibi kinaruka, na wakati mwingine sauti ya chumba nayo inakatika.

Anza na sauti. Pale unapotaka kuongeza nafasi kati ya vipande viwili, usiache tupu. Utupu kamili husikika kama spika imeharibika. Ongeza njia ya sauti chini ya video, chukua kipande cha ile dakika ya ukimya, ukiweke hapo kipite chini ya kiungo. Weka filta ya `Fade In Audio` na `Fade Out Audio` kwenye kingo zake ili kiingie na kutoka bila kugutusha.

Kisha picha. Piga picha za vitu vya kisa: cherehani yenyewe kama ipo, mikono yake, picha za zamani. Picha ya karatasi ilaze mezani karibu na dirisha, simu iwe juu yake sambamba, bila flashi, maana flashi huacha doa jeupe. Ongeza njia ya pili ya video kwa `Add Video Track` na uweke picha hiyo juu ya kiungo kwa sekunde nne hadi sita. Sauti ya bibi inaendelea chini yake, na mruko wa kichwa hauonekani tena.

Usiweke picha kabla hujamaliza kukata sauti. Ukikata baadaye kwenye njia ya chini, picha za juu hubaki zilipokuwa na zote zitakuwa zimepotea mahali pake.

Na usifunike kila kiungo. Mjukuu alifunika viwili, cha tatu akakiacha kiruke. Sentensi ya mguu aliiacha na uso wa bibi mtupu, bila picha wala muziki. Nakubaliana naye kabisa kuhusu muziki: chini ya sauti ya mzee isiyo na nguvu, hata muziki mtulivu humeza konsonanti.

Mwisho, weka filta ya `Normalize: Two Pass` kwenye vipande vya bibi, lengo likiwa -16 LUFS, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, ubofye `Analyze`. Sauti itafika kiwango kinachosikika vizuri kwenye simu.

## Hatua ya 8: Mwonyeshe bibi kabla ya mtu mwingine yeyote

Mkalishe, tumia spika au hedifoni yenye sauti ya kutosha, mtazame yeye badala ya skrini. Akikunja uso, andika muda. Mwulize mambo matatu: kuna kilichosemwa vibaya, kuna cha kuondoa, kuna jina linalokosekana?

Hapa bibi alikumbuka jina la dada halijatajwa popote. Mjukuu hakurekodi upya. Aliandika jina hilo kwa maandishi chini ya picha ya zamani.

Sehemu ya mtu aliyemdhulumu haikuwemo, kama walivyokubaliana. Angalia pia lile ambalo bibi hakuliombea kuondolewa lakini linamgusa mtu aliye hai, kama ugonjwa au ndoa ya mwanawe. Mwulize anayehusika.

## Hatua ya 9: Toa video na uihifadhi

Bofya `Export`, chagua `YouTube` kwenye orodha hata kama huna mpango wa kuipeleka huko, kwa sababu mpangilio huo hutoa faili la MP4 linalofunguka karibu kila mahali. Bofya `Export Video`, lipe faili jina `bibi_01_cherehani_kamili.mp4`, kisha litazame lote mwanzo hadi mwisho kwenye simu, kwa kuwa ndugu wengi wataliona huko. Ukiwatumia kwa WhatsApp, litume kama `Document` ili lisibanwe.

Hifadhi nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski yako, na moja kwenye diski inayokaa nyumba nyingine kwa ndugu. Ndani ya kila nakala ziwemo video iliyohaririwa, rekodi nzima isiyokatwa, mradi wa `.mlt`, na picha ya kurasa za daftari. Kipande alichosema kisitoke, mwulize yeye: kibaki kwenye rekodi ya familia, au kifutwe kila mahali? Akisema kifutwe, tengeneza nakala ya rekodi isiyo na kipande hicho, hakikisha inacheza, kisha ufute faili la awali kwenye diski zote na kwenye simu. Ukilifuta mahali pamoja tu, hujalifuta.

Mara moja kila mwaka chomeka diski zote mbili, fungua mafaili mawili matatu uone yanacheza. Diski iliyokataa kufunguka ibadilishwe siku hiyohiyo kwa kunakili kutoka ile iliyo nzima.